Homa Imeshuka, Vimelea Vimebaki: Picha Zenye Mwendo kwa Kipimo katika Elimu ya Mgonjwa

Saa mbili na nusu asubuhi, ukumbi wa kusubiria wa kituo kimoja cha afya katika Kanda ya Ziwa ulikuwa umejaa. Muuguzi aliyepangiwa kutoa elimu ya afya siku hiyo aliwasha kompyuta yake mpakato, akaelekeza projekta ukutani, na kuanza somo la malaria aliloliandaa kwa usiku mbili. Mbu aliingia kutoka kona ya kushoto akivuma, akazunguka skrini mara mbili, kisha akatua juu ya mkono wa mtu. Vidonge vilidondoka kutoka juu vikibingirika. Maandishi yalijitokeza herufi moja moja, na mwishoni maneno "Maliza dozi" yakawa yanawaka na kuzimika kwa rangi nyekundu. Watoto walishangilia, na watu wazima wakatabasamu.

Somo lilipokwisha, muuguzi alimwendea mzee aliyeketi benchi la mbele. Mzee huyo alikuwa amerudi kituoni kwa homa, mara ya pili ndani ya mwezi mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee wangu, katika somo la leo umeondoka na lipi?"

"Nimemwona mbu. Mkubwa, na anajua kuzunguka yule!"

"Na vidonge, je?"

"Vidonge vilianguka vizuri. Hata mimi vyangu vingine ninavyo nyumbani. Homa ilikata siku ya pili, nikaviweka akiba."

Jibu hilo lilimwonyesha muuguzi kasoro ya somo lake kuliko ambavyo mkaguzi yeyote angeweza. Mzee alikuwa ametazama kila kitu, tena kwa makini. Alichokosa ni kile kimoja ambacho somo liliandaliwa kwa ajili yake: sababu ya kuendelea kumeza dawa wakati mwili tayari unajisikia vizuri.

Kwa nini mwendo huteka macho

Uhuishaji, yaani kuzipa mwendo picha na maandishi yaliyo kwenye skrini, una nguvu ambayo mtoa elimu hawezi kuizuia pindi anapoiachilia. Jicho la binadamu hugeukia kitu kinachosogea kabla mwenye jicho hajaamua kama kitu hicho kina maana. Mbu anayezunguka pembeni mwa skrini atatazamwa, hata kama jambo muhimu limeandikwa katikati kwa herufi kubwa. Hapo mtazamaji hana kosa, kwa kuwa ndivyo uoni ulivyoumbwa.

Tatizo la pili ni kwamba mwendo hupita. Picha iliyotulia humngoja mtazamaji, naye anaweza kuirudia na kuilinganisha sehemu kwa sehemu. Picha inayosogea ikishapita, humlazimu mtazamaji kuishika akilini huku akipokea inayofuata. Mgonjwa mwenye homa, maumivu ya kichwa na mtoto mgongoni hana nafasi kubwa akilini ya kubeba mizigo hiyo yote kwa pamoja.

Mwaka 2002, Barbara Tversky, Julie Morrison na Mireille Betrancourt walipitia tafiti zilizolinganisha michoro yenye mwendo na michoro iliyotulia. Waliona kwamba mara nyingi pale mwendo uliposifiwa kuwa bora, mchoro wenye mwendo ulikuwa pia na maelezo ambayo ule uliotulia haukuwa nayo, hivyo ulinganisho haukuwa wa haki. Walipendekeza masharti mawili. Kwanza, mpangilio wa mwendo ulingane na mpangilio wa jambo lenyewe. Pili, mwendo uwe wa polepole na wa wazi kiasi cha mtu kuweza kuufuata. Mwaka mmoja kabla yao, Richard Mayer na Paul Chandler walikuwa wameonyesha watu picha zenye mwendo kuhusu jinsi radi inavyotokea. Waliopewa somo hilo likiwa limekatwa vipande, na kuruhusiwa kubonyeza kitufe ili kuendelea, walitumia walichojifunza kutatua maswali mapya vizuri kuliko waliolitazama mfululizo bila kusimama.

Kwa mtoa elimu wa kituo cha afya, mambo hayo yanatoa kanuni moja inayoweza kufuatwa: kitu kisogee pale tu ambapo katika mwili wenyewe kuna kitu kinachobadilika, na kila badiliko lisubiri kuruhusiwa.

Kuchagua badiliko moja

Muuguzi alipoketi kuandaa somo upya, hakuanza na kompyuta. Alianza na karatasi, akajiuliza ni badiliko gani hasa ambalo mzee yule alihitaji kuliona. Safari ya mbu haikuwamo, wala maisha ya vimelea ndani ya ini. Hayo ni ya kweli, na yana mahali pake katika somo la chandarua, lakini hayamwelezi mtu kwa nini ameze kidonge siku ya tatu. Akayaondoa yote.

Kilichobaki ni kile kinachotokea kwenye damu baada ya dawa kuanza. Kimelea cha falsiparamu, ambacho ndicho kisababishi kikuu cha malaria katika Afrika Mashariki, hukua ndani ya chembe nyekundu za damu kwa takribani saa 48. Kisha chembe hupasuka, vimelea vipya humwagika, na mwili hujibu kwa homa na baridi. Dawa mseto ya ALu ina dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Artemetha hufanya kazi kwa kasi sana, lakini hutoka mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini hufanya kazi polepole, na hubaki mwilini kwa siku kadhaa.

Wataalamu hukadiria kwamba, pale ambapo vimelea havina usugu, dawa za jamii ya artemetha hupunguza idadi ya vimelea kwa takribani mara 10,000 katika kila mzunguko wa saa 48. Punguzo hilo ni kubwa mno, na ndilo linalomdanganya mgonjwa. Tuseme mtu mzima ana vimelea bilioni 10 katika damu yake. Baada ya siku mbili za dawa, bilioni hizo huweza kushuka hadi takribani milioni moja. Homa imekwisha, hamu ya kula imerudi, na hata mtaalamu wa maabara anayetazama kwa hadubini huenda asione kitu, kwa sababu vimelea milioni moja katika lita tano za damu ni vichache mno kuonekana. Lakini milioni moja ni mbegu ya kutosha. Vikiachwa bila dawa ya kutosha, vimelea huweza kuongezeka hata mara 10 katika kila mzunguko, na homa ikarejea baada ya majuma machache.

Hapo ndipo muuguzi alipoona kiini cha somo. Kuna vitu viwili vinavyoshuka, navyo havifiki chini kwa wakati mmoja: homa hutangulia, vimelea hufuata. Mtu hawezi kuona tofauti hiyo kwa macho wala kuihisi mwilini. Hiyo ndiyo aina ya jambo ambalo mwendo wa picha unafaa kulionyesha.

Hatua tano, mibofyo minne

Somo jipya lilikuwa na picha tano. Muuguzi aliichora ya kwanza katika PowerPoint, kisha akainakili kwa amri ya Duplicate Slide, akabadilisha kitu kimoja tu katika kila nakala. Kwa njia hiyo hakuhitaji kurundika miondoko mingi juu ya slaidi moja. Kati ya slaidi na slaidi aliweka Fade ya nusu sekunde, na akahakikisha kwamba kila badiliko linasubiri On Mouse Click. Hakuna kilichojiendesha chenyewe.

Picha ya kwanza ilitulia. Kushoto palikuwa na mstatili wa rangi hafifu kuwakilisha damu, ndani yake nukta nyeusi 40. Kulia palikuwa na kipimajoto kinachosoma nyuzi 39. Muuguzi alitaja vitu hivyo viwili, akanyamaza kidogo ili watu wavizoee. Ukimya huo una kazi yake: mtu hawezi kufuatilia badiliko la kitu ambacho bado hajakitambua.

Mbofyo wa kwanza ulileta picha ya pili. Nukta nyingi zilififia hadi zikabaki sita, na kipimajoto kikashuka hadi nyuzi 37. Muuguzi hakueleza chochote. Aliuliza tu, "Mgonjwa huyu sasa anajisikiaje?" Ukumbi ukajibu kwa pamoja kwamba amepona. Hilo ndilo jibu alilolitaka, kwa sababu ndilo kosa analolifanya kila anayeacha dozi njiani.

Mbofyo wa pili ulizungushia duara nukta sita zilizobaki. Hakuna kingine kilichobadilika. Duara halikuruka wala kuwaka, lilitokea tu. Kwa kuwa skrini nzima ilikuwa imetulia, macho yote yalikwenda hapo. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe bado vimo!"

Mbofyo wa tatu ulionyesha mgonjwa aliyeacha dawa: nukta ziliongezeka tena, na kipimajoto kikapanda. Mbofyo wa nne ulirudi kwenye zile sita na kuonyesha aliyeendelea na dawa: nukta zilififia hadi mstatili ukabaki mtupu, kipimajoto kikiwa pale pale kwenye 37. Muuguzi alikuwa mwangalifu hapa. Njia hizi mbili hazifuatani, bali huachana. Kwa hiyo picha ya nne aliipa ukingo wa rangi ya chungwa na neno "Ameacha", na ya tano ukingo wa kijani na neno "Amemaliza". Katika jaribio lake la awali kwa wenzake alikuwa ameziweka bila alama hizo, na mhudumu mmoja akaelewa kwamba homa lazima irudi kwanza ndipo mtu apone. Mwendo husema "hiki, kisha kile" hata pale ambapo mwandaaji hakukusudia.

Mwisho, picha zote tano zilikaa pamoja kwa ukubwa mdogo kwenye slaidi moja isiyosogea. Hapo aliyepitwa na hatua aliweza kuirudia, na aliyechelewa kuingia aliweza kuanza.

Pale ambapo picha inaweza kudanganya

Nukta 40 zinazobaki sita si hesabu ya kweli. Punguzo halisi ni kubwa zaidi kiasi kwamba, kama lingechorwa kwa uwiano, skrini isingeweza kulibeba. Muuguzi alilisema wazi mwanzoni: kila nukta inasimama mahali pa vimelea wengi, na picha inaonyesha mwelekeo, haihesabu. Sentensi hiyo moja ilimlinda dhidi ya swali la kweli kabisa ambalo kijana mmoja aliuliza baadaye, kwamba kama vimebaki sita tu, kwa nini mwili usivimalize wenyewe.

Namna ya kutoweka nayo hubeba maana. Nukta iliyofifia inaeleweka kuwa imekufa. Nukta inayoruka nje ya mstatili ingeweza kumfanya mtazamaji aamini kwamba vimelea hutolewa kwa jasho au mkojo. Kidonge kinachogeuka taratibu kuwa nukta kingezua imani kwamba dawa yenyewe ndiyo inayoleta kimelea. Programu za kutengeneza slaidi zina miondoko mingi kama hiyo, na kila mmoja unasema jambo kuhusu mwili, liwe la kweli au la uongo. Kabla ya kuuchagua, mwandaaji ajiulize mgonjwa atasema nini akiambiwa aeleze alichokiona.

Jedwali la dozi halitaki mwendo

Baada ya picha tano ilifuata ratiba ya kumeza dawa. Hapa muuguzi hakutumia mwendo hata kidogo. Mtu mwenye uzito wa kilo 35 au zaidi humeza vidonge vinne kwa mara moja, mara sita. Dozi ya kwanza humezwa mara moja, na ya pili baada ya saa 8. Siku ya pili na ya tatu humezwa asubuhi na jioni. Jumla ni vidonge 24, na kila dozi huandamana na chakula au maziwa, kwa sababu lumefantrini hufyonzwa vizuri zaidi panapokuwa na mafuta. Watoto hupewa kulingana na uzito wao, kama watakavyoelekezwa na mhudumu.

Ratiba si mchakato. Ni kitu ambacho mtu anahitaji kukiona chote kwa pamoja, ili alinganishe safu na safu na kuhesabu vidonge vyake. Kuifungua mstari mmoja mmoja kungemnyima nafasi hiyo, na kumfanya asubiri kile anachotaka kukisoma sasa. Kwa hiyo ilikaa yote, herufi kubwa, kwa muda wa kutosha watu kuisoma mara mbili. Nakala yake ya karatasi iligawiwa pamoja na ile slaidi ya picha tano. Slaidi moja iliyorundikiwa miondoko ingetoka kwenye printa kama fujo ya vitu vilivyolaliana. Picha tano zilizojitegemea zilichapika bila taabu. Kuchapa ni kipimo chepesi kwa kila mwandaaji: kisichoeleweka kwenye karatasi kimeegemea mwendo kupita kiasi.

Runinga isiyo na msemaji

Vituo vingi vina runinga ukutani inayorudia masomo siku nzima bila mtu wa kuyaeleza. Hapo masharti hubadilika. Hakuna wa kubofya wala wa kuuliza swali, na watu huingia katikati. Somo la namna hiyo linahitaji kila picha ikae kwa muda ambao mtu anaweza kusoma maneno yake kwa sauti, taratibu, mara mbili. Kila picha iwe na namba yake, kama "2 kati ya 5", ili anayeingia ajue yuko wapi. Milio iondolewe, kwa sababu inashindana na jina la mgonjwa anayeitwa dirishani.

Vitu vinavyowaka na kuzimika viepukwe kabisa. Mwongozo wa kimataifa wa machapisho ya kidijitali unataka chochote kisiwake zaidi ya mara tatu ndani ya sekunde moja, kwa kuwa mmweko wa haraka huweza kuamsha degedege kwa baadhi ya watu wenye kifafa. Tena, miongoni mwa wanaosubiri kuna wenye kizunguzungu na kichefuchefu, ambao picha zinazozunguka na kuteleza huwazidishia hali hiyo. Ukumbi wa wagonjwa haufanani na ukumbi wa mkutano.

Kupima kama somo limefika

Muuguzi hakuwauliza wasikilizaji kama wameelewa, maana swali hilo hujibiwa "ndiyo" kwa adabu. Alizima picha kwa kubonyeza B kwenye kompyuta, akawaomba watu watatu, mmoja baada ya mwingine, waeleze kwa maneno yao wenyewe kinachotokea siku ya pili ya dawa. Alisikiliza mambo mawili tu: kama mtu ametaja kwamba homa imeshuka, na kama ametaja kwamba vimelea bado vimo. Anayetaja la kwanza peke yake hajavuka mbofyo wa kwanza. Anayetaja umbo, rangi au mchezo wa picha, somo limempita.

Mmoja wa watatu hao alikuwa mzee wa benchi la mbele, aliyekuwa amekuja siku hiyo kufuatilia matibabu yake. Aliporudi na homa, alikuwa amepimwa damu upya kwa hadubini, kwa kuwa kipimo cha haraka huweza kuendelea kuonyesha malaria kwa majuma kadhaa hata baada ya vimelea kwisha, na daktari akaamua matibabu yake kutokana na majibu hayo.

"Haya, mzee wetu," muuguzi alimwambia. "Siku ya pili kuna nini?"

Mzee alifikiri kidogo. "Siku ya pili ni kama shamba ulilofyeka. Ukitazama kwa mbali, peupe. Ukiinama, mizizi imo. Ukienda zako, utarudi ukute majani kiunoni."

Hakumtaja mbu. Kisha akainua mkono tena na kuuliza kama vile vidonge alivyoviweka akiba anaweza kumpa mjukuu wake akipata homa. Muuguzi alimjibu kwamba asimpe: mtoto mwenye homa aletwe kituoni apimwe kwanza, na dawa yake ipangwe kwa uzito wake, vidonge vilivyobaki avirudishe kwenye dirisha la dawa. Mzee akaahidi kuvileta kesho yake, na muuguzi akaandika swali hilo pembeni ya karatasi yake. Hakuliongezea picha. Lilihitaji sentensi moja ya kusemwa, na mahali pake palikuwa chini ya jedwali la dozi.